Slaidi Haijui Sura za Kitabu

Kwenye kituo cha nne cha mtihani wa vitendo wa hematolojia pana hadubini moja, slaidi moja na kipande cha karatasi chenye namba nne. Himoglobini 6.8 g/dL. Hematokriti 23%. Chembe nyekundu 3.5 × 10¹²/L. Retikulosaiti 1.5%. Chini ya namba hizo mna maagizo mawili tu: eleza unachokiona, kisha taja aina ya upungufu wa damu na kipimo kimoja cha kuithibitisha. Hakuna umri wa mgonjwa, hakuna dalili, hakuna anakotoka. Baada ya dakika chache kengele italia na kila mtu atasogea kituo kinachofuata.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya maabara anayeinamia hadubini hiyo hakuja mikono mitupu. Wiki nzima amekuwa akiifupisha sura ya upungufu wa damu, na daftari lake limejaa kwa mpangilio uleule wa kitabu: ukosefu wa madini ya chuma na vyanzo vyake, ukosefu wa vitamini B12 na vyanzo vyake, selimundu, talasemia, na kuendelea. Kila kitu kimo. Tatizo ni kwamba kitabu humshika mkono kwenye chanzo na kumpeleka hadi kwenye slaidi, ilhali mtihani humtupa kwenye slaidi na kumtaka atafute mwenyewe njia ya kurudi kwenye chanzo. Anayajua majibu, ila ameyapanga kwa swali ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo kufupisha sura hii si suala la kupunguza maneno. Ni kuigeuza kichwa chini miguu juu, ianze na kile jicho linachokutana nacho kwanza: ukubwa wa chembe.

Aliyeweka msingi wa njia hii ni Maxwell Wintrobe, daktari wa Marekani ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alionyesha kwamba upungufu wa damu unaweza kugawanywa kwa vipimo vya chembe zenyewe badala ya kubahatisha chanzo. Kati ya vipimo hivyo, kinachoamua mlango wa kuingilia ni MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu moja. Kwa mtu mzima MCV huwa kati ya 80 na 100 fL. Chini ya hapo chembe ni ndogo, juu ya hapo ni kubwa, na katikati ni za kawaida. Karatasi ya marudio inahitaji vyumba hivyo vitatu tu, na kila ugonjwa wa ile sura ndefu utapata chumba chake.

Turudi kwenye kituo cha nne. Karatasi haikutoa MCV, na hilo halikusahaulika. Mtahini anataka ikokotolewe. Hematokriti huzidishwa kwa 10 kisha hugawanywa kwa idadi ya chembe nyekundu:

```
MCV  = 23 × 10 ÷ 3.5   = 65.7 fL
MCH  = 6.8 × 10 ÷ 3.5  = 19.4 pg
MCHC = 6.8 × 100 ÷ 23  = 29.6 g/dL
```

MCH ni uzito wa himoglobini ndani ya chembe moja, na kawaida yake ni 27 hadi 32 pg. MCHC ni jinsi himoglobini ilivyokolea ndani ya chembe, na kawaida yake ni 32 hadi 36 g/dL. Zote tatu ziko chini. Hata kabla ya kuwasha taa ya hadubini, mwanafunzi anajua kwamba atakutana na chembe ndogo zilizopauka. Akitazama na kukuta kitu kingine, ama amekosea hesabu au anatazama sehemu isiyofaa ya slaidi.

Sehemu inayofaa ni ile ambayo chembe zimetandazika zikikaribia kugusana bila kulaliana, karibu na ncha nyembamba ya damu iliyopakwa. Hapo chembe nyekundu ya kawaida hulingana takriban na kiini cha limfosaiti ndogo, na weupe wa katikati huchukua theluthi moja ya upana wake. Kwenye slaidi hii chembe nyingi ni ndogo kuliko kiini cha limfosaiti, na weupe umesambaa hadi kubaki ukingo mwembamba wa rangi, kama bangili. Baadhi zimekuwa nyembamba na ndefu. Hizo huitwa chembe penseli. Picha hiyo pamoja na namba zile inaelekeza kwenye ukosefu wa madini ya chuma.

Kwa nini chembe ziwe ndogo? Himoglobini haiundwi bila chuma. Inapochelewa kujaa, chembe changa ndani ya uboho huendelea kugawanyika zaidi ya kawaida, na kila mgawanyiko hupunguza ukubwa. Mwanafunzi akilielewa hili hahitaji kukariri kwamba chembe ni ndogo na zimepauka. Mambo yote mawili yana mzizi mmoja.

Kuhusu chanzo cha ukosefu huo, kitabu kitatoa orodha ndefu: hedhi nzito, ujauzito, lishe duni, vidonda vya tumbo. Lakini kwa maabara ya Afrika Mashariki kuna mmoja ambao lugha yetu iliupa jina zamani. Neno safura limebeba maana ya maradhi ya kupauka na kuvimba, na minyoo inayoyaleta ikaitwa minyoo ya safura. Mnyoo mmoja wa aina ya Nekatori hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo sana, hadi mtu apige hesabu ya minyoo 100: mililita 3 kwa siku. Kila mililita ya damu nzima ina karibu nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo zinapotea takriban miligramu 1.5. Mwili nao, kwa chakula cha kawaida, hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Ndugu yake, Ankilostoma, hunyonya mara tano au zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwanafunzi mwangalifu akiona chembe penseli huzitazama pia chembe nyeupe: eosinofili zikiwa nyingi, choo cha mgonjwa kinastahili kupimwa.

Kipimo cha kuthibitisha ni feritini, yaani akiba ya chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya nyingine njema, feritini chini ya 15 µg/L ina maana kwamba akiba imekwisha. Hapa pana mtego unaopendwa na watahini. Feritini hupanda mwilini mkiwa na maambukizi au uvimbe, hata kama chuma hakipo, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hupandisha mpaka hadi 70 µg/L kwa mtu mzima mwenye hali hiyo. Feritini ya 40 kwa mgonjwa wa kifua kikuu haimaanishi kwamba chuma kinamtosha.

Mtego wa pili katika chumba hiki ni talasemia. Aina nyepesi ya alfa ni ya kawaida sana pwani ya Kenya na Tanzania, na mwenye nayo huweza kuishi maisha yake yote bila kujua, huku MCV yake ikisomeka chini. Tofauti iko kwenye idadi. Mtu aliyepungukiwa na chuma hutengeneza chembe ndogo na chache. Mwenye chembechembe za kurithi za talasemia hutengeneza chembe ndogo lakini nyingi. William Mentzer alipendekeza mwaka 1973 kugawanya MCV kwa idadi ya chembe nyekundu: jibu likizidi 13 linaelekea ukosefu wa chuma, likiwa chini ya 13 linaelekea talasemia. Kwenye kituo chetu, 65.7 kugawanya kwa 3.5 ni 18.8. Mgonjwa mwingine mwenye MCV ya 66 na chembe milioni 5.8 angepata 11.4. Hesabu hii ni fununu, si hukumu. Ilibuniwa kwa ajili ya talasemia ya beta, na mtu anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja. Mwanafunzi aiandike kwenye karatasi yake kwa maneno hayohayo.

Chumba cha chembe kubwa kina wakazi wachache. MCV ikizidi 100, swali ni moja: chembe hizo ni za mviringo wa yai au ni duara? Za umbo la yai, zikiandamana na neutrofili zenye viini vilivyokatika vipande vingi, zinaonyesha ukosefu wa vitamini B12 au folati. Kipimo cha jicho ni hiki: neutrofili tano au zaidi katika kila mia ziwe na vipande vitano, au ionekane hata moja yenye vipande sita. Sababu ni kwamba chembe inakua lakini inashindwa kutengeneza DNA ya kutosha kugawanyika kwa wakati. Chembe kubwa za duara bila neutrofili hizo huelekeza kwingine, mathalani kwenye ini au pombe.

Slaidi haiwezi kutenganisha B12 na folati. Zote mbili huchora picha ileile. Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Bombay, aliligusa fumbo hilo mwaka 1931 alipoonyesha kwamba wajawazito wenye upungufu wa damu wa chembe kubwa walipona kwa dondoo ya hamira. Miaka kadhaa baadaye ikabainika kwamba folati ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya marudio, chanzo cha chumba hiki huandikwa kwa pande mbili na kipimo cha kuthibitisha huwa viwango vya vitamini zote mbili katika damu.

Kuna ujanja unaowaangusha wengi. Mjamzito anaweza kukosa chuma na folati kwa wakati mmoja. Chembe ndogo na chembe kubwa zikichanganyika, wastani wake huwa 88 na mashine haioni tatizo. Hapo macho huishinda mashine: slaidi huonyesha makundi mawili ya chembe, na RDW, namba ya mashine inayopima jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa, husomeka juu.

Chumba cha tatu, cha chembe za ukubwa wa kawaida, ndicho kinachochanganya zaidi, kwa sababu ukubwa hausemi lolote. Swali la kuuliza hapa ni kama uboho unajibu. Jibu liko kwenye retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka tu ubohoni, zinazohesabiwa kwa rangi ya bluu kabla damu haijakaushwa kwenye slaidi. Zikiwa chache, kiwanda kimelala: uboho umeshindwa, figo zimechoka, au ugonjwa sugu unakizuia. Zikiwa nyingi, kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana lakini bidhaa zinapotea njiani, ama kwa kutoka damu au kwa chembe kuvunjwa.

Chukua kituo cha saba. Himoglobini 7.2 g/dL, hematokriti 21%, MCV 88, retikulosaiti 12%, chembe nyeupe 24.0 × 10⁹/L. Asilimia 12 inaonekana kubwa, ila inahesabiwa dhidi ya chembe chache zilizobaki. Husahihishwa kwa kuzidisha na hematokriti ya mgonjwa na kugawanya kwa 45, ambayo ni ya kawaida: 12 × 21 ÷ 45 ni 5.6%. Bado iko juu. Uboho unajibu.

Kwenye slaidi kuna chembe zilizopinda kama mundu, zenye ncha mbili kali. Kuna chembe shabaha, zenye kitone cha rangi katikati ya weupe. Kuna chembe kubwa zenye ubluu kidogo, ambazo ndizo retikulosaiti zikionekana kwa rangi ya kawaida. Na kuna chembe zenye kidoa kimoja cheusi cha duara, kiitwacho mwili wa Howell-Jolly. Hicho kidoa ni habari kubwa: ni mabaki ya kiini ambayo bandama yenye afya huyaondoa. Kuonekana kwake kunasema kwamba bandama ya mgonjwa huyu haifanyi kazi tena, jambo la kawaida kwa selimundu ya muda mrefu. Chembe za namna hii zilielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu na James Herrick wa Chicago mwaka 1910, alipomtibu mwanafunzi kutoka Grenada.

Na zile chembe nyeupe 24.0? Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba mgonjwa ana maambukizi makali. Lakini alipohesabu chembe nyeupe 100 alikutana njiani na chembe nyekundu 50 ambazo bado zina viini. Mashine nyingi za zamani huzihesabu hizo kama chembe nyeupe. Hesabu sahihi ni 24.0 × 100 ÷ (100 + 50), yaani 16.0. Tofauti hiyo inaweza kubadilisha uamuzi wa daktari, na kwenye mtihani ina alama zake.

Kipimo cha kuthibitisha hapa kinahitaji umakini wa maneno. Kipimo cha kuzifanya chembe zijipinde kwa sodiamu metabaisalfaiti huonyesha tu kwamba himoglobini S ipo. Hakimtofautishi mgonjwa na mbebaji, na kwa mtoto mchanga ambaye bado amejaa himoglobini ya kitoto kinaweza kutoa jibu la kumkosa. Jibu kamili ni elektroforesi ya himoglobini. Mbebaji, kwa kawaida, slaidi yake ni safi na himoglobini yake haina tatizo. Mwenye upungufu wa damu hasa hapaswi kuambiwa chanzo ni ubebaji.

Katika chumba hichohicho hukaa chembe za mviringo zisizo na weupe katikati, sferosaiti. Nazo zina vyanzo viwili visivyofanana: kurithi utando dhaifu wa chembe, au kingamwili za mtu mwenyewe kuzishambulia chembe zake. Slaidi haiamui, kipimo cha Coombs cha moja kwa moja ndicho huamua, kwa kuwa huwa chanya kwa hali ya pili. MCHC iliyopanda juu ya 36 ni dokezo la chembe hizi, na ni miongoni mwa hali chache sana zinazoipandisha. MCHC ikisomeka 45, asiandike ugonjwa. Pengine chembe zimeshikana kwa sababu damu imepoa. Ipashwe moto hadi nyuzi 37 na ipimwe upya.

Makosa ya mikono hujificha kama magonjwa. Mwisho kabisa wa ncha nyembamba ya slaidi, kila chembe hupoteza weupe wake na kuonekana sferosaiti. Methanoli iliyoingiwa na maji huacha vishimo vyeupe vyenye ukingo mkali katikati ya chembe, na mtu asiyejua huviita kupauka; kupauka kwa kweli hufifia polepole kuelekea pembeni. Chembe zenye mikia zikielekea upande mmoja zote, aliyezichora ni kioo cha kupakia, maana ugonjwa hauna mwelekeo. Damu iliyolala kwenye EDTA kutwa nzima huota miiba kwenye chembe zake. Mistari hii minne inastahili kona yake ya karatasi.

Hivyo karatasi yenyewe inakuwaje? Vyumba vitatu kwenda chini, na safu nne kwenda kulia: ninachokiona, namba, chanzo, kipimo cha kuthibitisha. Mpangilio wa safu hizo ni muhimu kuliko rangi za kalamu, kwa sababu ndio mpangilio ambao mkono utafuata chini ya saa inayokimbia. Kwenye kituo cha nne, jibu linalotosha ni hili: chembe nyekundu ndogo, zilizopauka, zinazotofautiana ukubwa na umbo, pamoja na chembe penseli, MCV 65.7 fL na MCHC 29.6 g/dL, picha inalingana na upungufu wa damu wa ukosefu wa madini ya chuma, kipimo, feritini. Neno "inalingana" halikuwekwa kwa woga. Slaidi hueleza umbo la chembe, na chanzo bado kinasubiri kipimo.

Karatasi ikiisha kuandikwa, ijaribiwe hivi. Mwanafunzi aombe slaidi za zamani zilizohifadhiwa na maabara ya chuo, azibandike namba bila majina, afunike safu mbili za kulia na kuzijaza kwa kutazama tu. Mahali atakapokwama ndipo karatasi inapohitaji mstari mwingine. Mahali asipokwama hata mara moja, mstari uliopo ufutwe.